Mfuniko wa chemba umekupeleka nchi isiyo sahihi: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni wa yeyote anayejaribu kujua picha ya barabarani imepigwa nchi gani. Huenda unacheza michezo ya kutambua mahali kwa picha za mitaani, au uko kwenye chumba cha habari Dar es Salaam na umeletewa picha ya chemba iliyofurika ukaambiwa ni Kariakoo. Picha za namna hii mara nyingi hazina bango wala kibao cha duka. Kinachobaki ni ardhi tu, na ardhini kuna vitu vitatu vinavyoweza kusema jambo: mfuniko wa chemba, grili ya mtaro na bomba la zimamoto.

Makosa mengi katika kazi hii yana chanzo kimoja. Mfuniko mmoja hubeba alama za wahusika watatu, na msomaji huzichanganya. Mhusika wa kwanza ni kiwanda kilichousubu, na jina lake mara nyingi ni dogo, pembeni au chini ya mapambo. Wa pili ni kiwango cha ubora, ambacho huandikwa kwa herufi na namba kama EN 124 au SABS 558. Wa tatu ni mwenye chemba, yaani mamlaka ya maji, shirika la simu au manispaa, au walau neno linaloeleza kazi ya chemba kwa lugha ya mwenyewe. Kiwanda huuza dunia nzima na kiwango huvuka mipaka kama mzigo wowote wa bandarini. Mwenye chemba hahami. Kwa hiyo kila unapokwama, swali la kwanza ni hili: maandishi niliyoyasoma ni ya nani kati ya hao watatu?

Kabla ya dalili yoyote: hakikisha unaona kilichopo

Omba picha ya asili. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, na herufi za mfuniko ndizo zinazopotea kwanza kwa sababu zina rangi ileile ya chuma kilichozizunguka. Mwambie aliyeipiga aitume kama dokumenti.

Herufi za mfuniko husomeka kwa kivuli chake tu, maana zimeinuka milimita chache. Jua likiwa utosini kivuli hakipo na maandishi hutoweka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri husimama juu kabisa. Picha ya saa sita mchana katika siku hizo inaweza kuonyesha mfuniko uliozimika kabisa hata kwa kamera nzuri. Kama unaweza kuomba picha nyingine, omba ya saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Kisha kata kipande chenye mfuniko, ondoa rangi, ongeza tofauti ya mwanga na giza. Kwa anayetumia ImageMagick, mstari mmoja unatosha:

```
magick picha.jpg -crop 800x800+1200+1500 +repage -colorspace Gray -normalize -unsharp 0x2 mfuniko.png
```

Namba mbili za kwanza ni upana na urefu wa kipande, mbili zinazofuata ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu. Zibadilishe kulingana na mahali mfuniko ulipo.

Herufi zikionekana zimechimbwa ilhali ulitarajia zimeinuka, zungusha kipande nusu duara. Macho hudhani mwanga unatoka juu, kwa hiyo mwanga ukitokea chini ya picha kilichoinuka huonekana shimo, na mapambo huvuruga maandishi. Na kama herufi zimegeuka kama kwenye kioo, picha yote imepinduliwa. Usizikague A, H, M, O, T au U, kwa sababu hizo hazibadiliki zikipinduliwa. Tafuta N, S, E au R. Hili lina uzito, kwa sababu picha iliyopinduliwa hubadilisha pia upande wanaopita magari, na upande huo utauhitaji huko mbele.

Mwisho pima ukubwa. Pevingi ya kawaida ya mstatili ina sentimita 20 kwa 10. Ukihesabu ni pevingi ngapi zinaenda sambamba na mfuniko, unajua kama ni chemba anayoingia mtu, ambayo uwazi wake kwa kawaida ni kama sentimita 60, au ni kisanduku kidogo cha valvu.

Dalili: mfuniko unataja nchi, lakini magari, miti na majengo yote yanaikataa

Umesoma INDIA au MADE IN INDIA, ukaweka alama Mumbai, kumbe picha ni ya New York.

Hilo ni jina la nchi ya kiwanda. Mifuniko mingi ya New York husubiwa karibu na Kolkata, hasa Howrah. Kinachofanya maandishi hayo yawe makubwa na yaonekane juu kabisa ni sheria ya Marekani yenyewe: sheria yao ya ushuru wa forodha, kifungu cha 1304 cha juzuu ya 19, inadai kila mfuniko wa chemba ulioagizwa kutoka nje uwe na jina la nchi ulikotoka, kwa Kiingereza, kwenye uso wa juu, na liwe limesubiwa au kuchongwa ndani ya chuma chenyewe. Stika au rangi haikubaliki. Kwa hiyo MADE IN INDIA katikati ya mfuniko ni ushahidi unaosogea kuelekea Marekani kuliko kuelekea India, maana fundi wa Kolkata anayesubu mfuniko wa mtaa wa Kolkata hana sababu ya kuandika nchi yake kwa Kiingereza juu yake. Hautoshi peke yake, kwa kuwa wauzaji wa India hupeleka mifuniko yenye maandishi hayo kwingine pia, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Ukiukuta, tafuta neno la huduma lililo kando yake. SEWER pamoja na jina la mji wa Marekani kunamaliza kazi.

Jina la kiwanda lina mtego wa aina hiyohiyo. PAM ni alama ya kiwanda cha Pont-à-Mousson cha Ufaransa, na mifuniko yake imetapakaa Afrika Magharibi, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. EJ ilianza kama kiwanda cha mji wa East Jordan huko Michigan, kisha ikanunua viwanda vya Ufaransa, Ireland na Australia, hivyo herufi hizo mbili leo unaweza kuzikuta katika mabara matatu. Andika jina la kiwanda kwenye daftari lako, lakini usiweke alama ya ramani kwa sababu yake.

Dalili: mfuniko umeandikwa EN 124 D400, ukachagua Ulaya, ukakosa

EN 124 ni kiwango cha Ulaya cha mifuniko na grili za barabarani. Herufi na namba inayofuata ni daraja la uzito: namba ni kilonyutoni za kipimo cha kiwandani, na ukiigawa kwa kumi unapata tani kwa makadirio. A15 ni ya wapita kwa miguu na baiskeli, B125 ni ya kando ya barabara na maegesho ya magari madogo, C250 hukaa kwenye ukingo ambapo maji hutiririka, D400 ni ya barabara yenyewe, halafu E600 na F900 ni za bandari na viwanja vya ndege.

Kosa linatokea kwa sababu nchi nyingi nje ya Ulaya huagiza kwa kutaja kiwango hiki. Mkandarasi wa Dar es Salaam akiandika kwenye makadirio yake kwamba anataka mfuniko wa D400, kiwanda cha China au India kitamsubia wenye maandishi EN 124 D400, na utafika ukiwa sahihi kabisa kikazi. Kwa mtambuaji wa picha maandishi hayo yanaondoa nchi chache na hayachagui hata moja.

Viwango vingine hubana zaidi, na ndivyo vya kushikilia. GOST 3634 ni ya Urusi na jirani zake waliorithi mfumo wa Kisovieti. AS 3996 ni Australia na New Zealand. SABS 558, au SANS 558 kwa jina la sasa, ni Afrika Kusini na majirani wanaonunua kwake. Daraja za LD, MD, HD na EHD zikifuatwa na namba, kwa mfano HD 20 kwenye mfuniko wa zege, zinatoka kwenye kiwango cha India cha mifuniko ya zege, IS 12592.

Dalili: kuna herufi mbili au tatu tu, na umezisoma kwa lugha isiyo yake

Hapa ndipo penye utajiri mwingi, na pia ndipo wazoefu wanapoteleza.

EU kwenye mfuniko haina uhusiano na Umoja wa Ulaya. Ni ufupisho wa Kifaransa wa maji taka, na mwenzake EP ni maji ya mvua. Jozi hii utaikuta Ufaransa na katika nchi zilizojengewa miundombinu kwa Kifaransa. Ukiona EU na EP kwenye mifuniko miwili ya njia moja, umepata lugha, bado hujapata nchi.

K, B na TC zinaweza kuwa herufi za Kisirili zilizofanana na zetu kwa sura. Katika mfumo wa Urusi, К ni maji taka, Д ni maji ya mvua, В ni maji safi, ТС ni mabomba ya maji ya moto ya kupashia nyumba joto, na ПГ ni bomba la zimamoto. Anayeona ТС akaisoma kama TC ataanza kutafuta shirika la simu. Dawa ni kutafuta mfuniko wa pili kwenye picha hiyohiyo, kwa sababu Д na П hazifanani na herufi yoyote yetu, na moja tu kati yake ikionekana mjadala umekwisha.

FH, SV na AV ni za Kiingereza: bomba la zimamoto, valvu ya kufungia na valvu ya hewa. Zinaonyesha kwamba wahandisi walifundishwa kwa mkondo wa Uingereza, jambo ambalo linabeba London, Nairobi, Hong Kong na hata mitaa ya kwetu. Zichukulie kama ishara ya familia.

Maneno mazima ya lugha ndogo ndiyo dhahabu. UISCE ni maji kwa Kiayalandi, na mfuniko wenye neno hilo uko Ireland. DŴR ni maji kwa Kiwelisi. Kwa Kihispania kila nchi ina neno lake linalopendwa: CLOACAS huvuta kuelekea Ajentina, DRENAJE kuelekea Meksiko, DESAGÜE kuelekea Peru, wakati ALCANTARILLADO limeenea mno, Hispania yenyewe ikiwemo, kiasi kwamba halichagui.

Kuna neno moja linalowapoteza watu wa kusini mwa Afrika hasa: BRANDKRAAN. Ni bomba la zimamoto kwa Kiholanzi, na ni bomba la zimamoto kwa Kiafrikana vilevile. Usibishane na neno, angalia magari. Uholanzi hupita kulia, Afrika Kusini hupita kushoto. Kama hakuna gari, tafuta FH karibu yake au alama ya SABS.

Mtego wa namna hiyo upo Asia ya Mashariki. Alama tatu 消火栓 humaanisha bomba la zimamoto Japani, na China huzitumia pia. Japani kwa kawaida bomba liko chini ya barabara, mfuniko umezungushiwa rangi ya njano na juu ya nguzo kuna kibao cha duara chekundu. China utalikuta mara nyingi likiwa nguzo nyekundu iliyosimama. Na kama mfuniko una picha ya ua, samaki au ngome iliyosubiwa kwa ustadi, na pembeni 汚水 au 雨水, hiyo ni Japani, ambako manispaa huchagua michoro yao wenyewe. Nembo ndogo ya mji iliyo katikati inaweza kukufikisha hadi wilayani.

Dalili: umetafuta bomba la zimamoto picha nzima, halipo

Wengi wamezoea nguzo nene ya filamu za Marekani, hivyo wasipoiona wanaondoa kipengele hiki kwenye hesabu. Kumbe nchi nyingi hulifukia, na kutokuwepo kwa nguzo ni taarifa. Angalia chini upate mfuniko mdogo, kisha inua macho ukutani upate kibao chake. Kibao husema zaidi ya mfuniko.

Uingereza: kibao cha njano chenye H nyeusi na namba mbili. Ya juu ni kipenyo cha bomba kuu kwa milimita, ya chini ni umbali kwa mita kutoka kwenye kibao hadi kwenye bomba. Namba ya juu ikiwa ndogo sana, kama 4 au 6, kibao ni cha zamani, cha inchi na futi. Mfuniko wenyewe ni mstatili mdogo. Uwazi wake ni kama sentimita 38 kwa 23, yaani karibu urefu wa pevingi mbili kwa upana wa mbili na kidogo.

Ujerumani: mfuniko wa yai ulioandikwa HYDRANT, na ukutani kibao cheupe chenye mpaka mwekundu. Juu kuna H na kipenyo, chini kuna mstari wa umbo la T wenye umbali wa kwenda kushoto au kulia na wa kwenda mbele, ukiandikwa kwa mkato, kwa mfano 4,3. Vibao vya mpaka wa buluu vilivyo kando yake ni vya valvu za maji, usivichanganye. Jirani yake mara nyingi kutakuwa na mfuniko wa chemba wenye pete ya chuma na moyo wa zege ya kijivu, na hiyo ni alama nzuri ya Ujerumani.

New Zealand: mfuniko wa njano, duara la njano limechorwa kuuzunguka, na pembetatu ya njano katikati ya barabara ikielekeza uliko. Kitufe cha buluu kinachong'aa usiku kipo pale, lakini kipo Australia pia, kwa hiyo shikilia pembetatu.

Dalili: bomba limesimama na linaonekana la Marekani, nchi haikubali

Kinachotambulisha bomba la Marekani ni kokwa ya kilele yenye pande tano, iliyowekwa hivyo ili spana ya kawaida isiifungue, na midomo mitatu: miwili ya inchi 2½ na mmoja mkubwa mbele. Lakini Ufilipino na Saudi Arabia zimenunua mabomba ya muundo huo kwa miaka mingi. Kokwa ya pande tano inakupa familia, kama ilivyokuwa kwa FH.

Rangi nazo huwadanganya watu. Kuna pendekezo la kitaalamu la Marekani, NFPA 291, linalosema kofia na vizibo vipakwe buluu hafifu kama bomba hutoa galoni 1,500 au zaidi kwa dakika, kijani kuanzia 1,000, chungwa kuanzia 500, na nyekundu chini ya hapo. Ni pendekezo tu. Miji mingi ina rangi zake, hivyo ukiona kofia ya kijani na mwili wa njano una dokezo zuri la Marekani, ila ukiona rangi nyingine hujathibitisha kwamba si Marekani.

Dalili: picha ina grili ya mtaro pekee

Hapa punguza matumaini. Grili hununuliwa kwa daraja la uzito, haziandikwi sana, na zinafanana. Zinazosaidia ni zile zenye ujumbe wa kukataza kumwaga uchafu pamoja na mchoro wa samaki, ambazo huelekeza Marekani na Kanada. Nyingine zote zitumie kama shahidi wa pili.

Kinachosema zaidi ni mtaro wenyewe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam maji ya mvua hupita kwenye mtaro wa zege ulio wazi, au uliofunikwa kwa slabu za zege zenye mashimo mawili ya kunyanyulia. Grili za chuma huibwa zikauzwa chuma chakavu, ndiyo maana nyingi zimebadilishwa kuwa slabu au zimebaki mashimo yenye tawi la mti lililosimikwa kama onyo. Picha inayodaiwa kuwa ya Dar ikiwa na grili za chuma zilizopangwa sawasawa kila mita chache kwenye mtaa mzima wa makazi inastahili kukaguliwa mara ya pili. Haijathibitika kuwa ya uongo: barabara mpya za mradi zinaweza kuwa nazo.

Mfano: picha ya "Posta, Dar, asubuhi hii"

Tuchukue picha ya mfano na tuipitishe hatua zote. Maji ya kahawia yamefunika nusu ya njia. Katikati kuna mfuniko wa duara wenye tope, maandishi yanayosomeka ni EN 124 D400 na, chini ya tope, herufi GOTO. Kando kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa ÁGUA. Njia imetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vilivyochora mawimbi. Gari moja linapita, usukani kulia, likiwa upande wa kushoto wa barabara. Maelezo yanadai ni Posta.

Kwanza kagua kama imepinduliwa. GOTO ina G, na G inatazama vizuri. Basi upande wa magari ni wa kweli: wanapita kushoto, kama Tanzania. Hapo ndipo wengi huishia na kukubali.

Pili, weka kando EN 124 D400. Ingeweza kuwa Posta, Lisbon au Dubai.

Tatu, GOTO. Neno la huduma linaloishia hivyo ni ESGOTO, maji taka kwa Kireno, na ÁGUA inathibitisha lugha kwa alama iliyo juu ya herufi ya kwanza. Sasa ni mwenye chemba anayezungumza, na mwenye chemba wa Dar hana sababu ya kuandika Kireno. Kwa kusudi la mhariri kazi imekwisha: hii si Posta.

Nne, kwa anayetaka nchi. Kireno kinaondoa dunia karibu yote, na magari ya kushoto yanaondoa Ureno, Brazili na Angola, ambazo hupita kulia. Zinabaki Msumbiji, Macau na Timor ya Mashariki. Vijiwe vyeupe na vyeusi vinavutia, ila havitenganishi Maputo na Macau, kwa sababu Wareno walivitandika kote kuwili. Kinachotenganisha ni kisanduku cha ÁGUA: hakina tope, kinasomeka chote, na hakina alama hata moja ya Kichina, ambayo Macau ungeitarajia kando ya Kireno. Msumbiji inaongoza, Timor ya Mashariki inabaki nyuma yake bila kuondolewa kabisa. Mfuniko hautakuambia kama ni Maputo au Beira. Hapo tafuta namba ya gari au mstari wa majengo.

Dalili: nchi ni sahihi, lakini mji au mwaka si sahihi

Mfuniko ulio ndani ya uzio wa hoteli, duka kubwa au chuo ni wa mwenye jengo, na mara nyingi ulikuja na mkandarasi kwenye kontena la vifaa vyake. Ukiwa na shaka kama njia ni ya umma, tafuta kabistoni na barabara nje ya picha ya karibu. Kama huvioni, upe mfuniko huo uzito mdogo.

Mwaka una njia yake nzuri, kwa sababu mashirika hubadili majina lakini mifuniko haing'olewi. Jina hukupa tarehe ya mapema kabisa ambayo mfuniko ungeweza kuwekwa, na kamwe si tarehe ya picha. Dar es Salaam DAWASCO ilianza kazi 2005 baada ya mkataba wa City Water kuvunjwa, na 2018 ikaunganishwa na DAWASA. Mfuniko wenye DAWASCO hauwezi kuwa kwenye picha ya miaka ya tisini, lakini unaweza kabisa kuwa kwenye picha ya leo. Kwa simu ni hivyohivyo: herufi TTCL ni za kuanzia miaka ya tisini, na kabla yake huduma ilikuwa chini ya shirika la posta na simu la pamoja. Mtu akikuletea picha aliyoiita ya Samora miaka ya themanini na mfuniko una TTCL, picha hiyo si ya miaka ya themanini. Akikuletea picha ya leo yenye jina la shirika lililokwisha kufa, hakuna kasoro yoyote hapo. Endelea kukagua kwa kutumia vitu vingine vilivyomo.